Ile ya Saa Nane Haikulia

"Siichukui," alisema Mama Pacha kwa mara ya tatu, mikono kaificha nyuma kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha.

Simu ya zamu ilibaki ikielea kati yao, mkononi mwa Profesa. Ilikuwa simu nzee, nene, yenye mkanda wa plasta mgongoni. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi ilitoka kwa aliyekesha nayo wiki nzima ikaenda kwa mwingine. Aliyekuwa nayo ndiye aliyeamshwa tahadhari ikilia, na ndiye aliyejibu mambo yakiharibika.

"Dada, saa mbili imepita na dakika nane," Profesa alisema. "Basi langu linaondoka saa tatu. Fomu nimejaza. Soma. Tahadhari zilizo wazi, hakuna. Za kufuatilia, hakuna. Unataka nikuimbie?"

"Nataka uniambie kuhusu ile ya saa nane."

"Nimekwambia haikulia."

"Ndiyo maana siichukui."

Profesa alicheka kwa pua. Kijana huyu hakuwa profesa wa kitu chochote. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu ya miwani yake na tabia yake ya kueleza jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. "Yaani mimi nimelala vizuri usiku mmoja katika wiki nzima, na wewe unanikasirikia. Nilalamike kwa nani?"

"Hebu kaa, Profesa."

"Sikai. Nikikaa utanipa kazi."

Chumba chao kilikuwa kidogo, meza nne na feni moja, na ukuta mmoja ulikuwa wa kioo. Ng'ambo ya kioo kulikuwa na ukumbi wa simu za dharura. Wapokeaji kumi na wawili walikaa kwa safu, vipaza sauti mdomoni, wakiuliza maswali yaleyale kutwa: uko wapi, nani ameumia, anapumua? Walichojibiwa walikiandika kwenye kompyuta, na kompyuta ikawaonyesha gari la wagonjwa lililo karibu. Yote hayo yalikaa kwenye seva moja kuu, na seva ya akiba ikiifuata nyuma, tayari kushika nafasi yake ikianguka. Kazi ya Mama Pacha na wenzake watatu ilikuwa kuhakikisha seva kuu haisimami. Kazi hiyo haikuwa na sifa. Wakiifanya vizuri hakuna aliyejua wapo.

Ile ya saa nane waliifahamu wote. Kila usiku wa manane, saa nane kamili, seva kuu ilipojinakili kwenye hifadhi ya usiku, ilielemewa kidogo na kupiga tahadhari moja ndogo ya kijinga, kisha ikajinyamazia yenyewe baada ya dakika tano. Miaka miwili walikuwa wakisema wataitengeneza. Mumewe Mama Pacha alikuwa ameizoea hata akawa anageuka upande wa pili bila kuamka. Usiku ambao ile ya saa nane haikulia, ama seva ilikuwa imepona kimiujiza, ama kuna mtu alikuwa ameiziba mdomo.

Mama Pacha hakuamini miujiza ya seva.

"Fungua ukurasa wa zilizonyamazishwa," alisema.

Profesa aliacha kucheka. Ilikuwa kitambo kifupi tu, lakini mama wa pacha wa miaka tisa anakijua kitambo hicho. Ndicho kinachokuja baada ya kuuliza nani amevunja.

"Kuna moja," alisema. "Ya jana. Nilisahau kuiandika, siyo kitu. Fundi alizima seva ya akiba jioni, saa kumi na moja, abadilishe kifaa cha umeme. Ingenililia usiku kucha bure, si unajua? Nikainyamazisha hadi leo saa sita mchana. Aliniambia atairudisha saa mbili usiku."

"Akairudisha?"

"Sijapata tahadhari yoyote."

"Profesa. Umeinyamazisha. Utaipataje?"

Profesa aliiweka simu ya zamu mezani. Alikaa, sasa, bila kuambiwa.

Ukurasa ulifunguka polepole. Ubao wao wa kawaida ulionyesha tahadhari zinazolia tu, na asubuhi hiyo ulikuwa mweupe, safi kama sahani iliyooshwa. Zilizonyamazishwa zilikaa nyuma, mahali pa kuzitafuta kwa makusudi. Mama Pacha ndiye aliyewahi kuomba sehemu yake iongezwe kwenye fomu ya kukabidhiana zamu. Ikaongezwa, ikaandikwa pembeni: si lazima.

Kulikuwa na mstari mmoja. Aliusoma, akausoma tena.

Jana Profesa hakuchagua seva ya akiba peke yake. Kulikuwa na kisanduku cha kuweka alama kwa kila seva na kisanduku cha kundi zima, vimekaribiana kama vitufe vya lifti. Aliweka alama kwenye kundi. Seva kuu nayo ilikuwa kwenye kundi hilo. Kwa saa kumi na tano seva kuu ilikuwa ikipiga kelele ndani ya chumba kilichofungwa mlango.

"Diski," Mama Pacha alisema. "Nionyeshe diski ya seva kuu."

Asilimia tisini na nne.

Jana saa kumi na moja jioni ilikuwa ishirini na nane. Mstari kwenye skrini ulipanda taratibu usiku kucha, na tangu saa moja asubuhi ulikuwa umesimama wima kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Magari yote yalikuwa barabarani, kila moja likituma mahali lilipo kila baada ya sekunde chache, na watu walikuwa wameamka na maradhi yao.

Hakuhitaji Profesa amweleze, na kwa mara ya kwanza Profesa hakutaka kueleza. Seva kuu ilikuwa kama mama mwenye mtoto anayechelewa kurudi kula. Kila badiliko ililoandika, iliweka nakala pembeni kwa ajili ya seva ya akiba, ije ichukue. Ikichukua, nakala inafutwa. Isipokuja, mama anaendelea kuweka sahani juu ya sahani na hatupi hata moja, mpaka jiko lijae na yeye mwenyewe akose pa kusimama. Diski ikifika mia, seva kuu haiandiki tena. Isipoandika, inasimama. Wale kumi na wawili ng'ambo ya kioo watauliza uko wapi, watajibiwa, na kompyuta itawatazama tu.

"Asilimia moja kila dakika nne," Profesa alinong'ona. "Zimebaki sita. Dakika ishirini na nne."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika kumi na mbili.

Mama Pacha alishika ukingo wa meza. Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka juzi, zamu yake, mfumo ulisimama dakika kumi na tisa. Simu kumi na moja ziliita mpaka zikakatika. Ripoti ilitaja idadi tu, kumi na moja, haikusema nani alipiga wala nini kiliwapata, na yeye hakuwahi kupata ujasiri wa kuuliza. Alipewa barua ya onyo. Barua ilikuwa kwenye faili lake mpaka leo, ikimsubiri mwenzake. Ya pili ikija unga unamwagika, na pacha walikuwa wamevaa viatu vipya vya shule asubuhi hiyohiyo. Lakini si barua iliyomwamsha usiku. Ni ile kumi na moja.

"Mpigie fundi," alisema. "Mimi nampigia Mkuu."

Fundi alipokea haraka. Profesa aliweka sauti ya nje. Kifaa cha jana hakikuingia, fundi alisema, ilikuwa saizi nyingine, amekipata cha pili sasa hivi, yuko njiani. Alitaka kuwaambia jana lakini hakuna aliyempigia, akajua hawana haraka.

"Saa ngapi utaiwasha?"

"Nipe saa moja na nusu, mkuu wangu."

Profesa alikata simu na kuiweka mezani kifudifudi.

Mkuu wa kitengo hakupokea. Iliita, ikaita, kisha ukaja ujumbe: Niko kikaoni. Mama Pacha alipiga tena. Akaandika: Seva kuu inajaa, dakika ishirini, piga sasa hivi. Ujumbe ukaonekana umefika. Haukuonekana umesomwa.

"Nifute zile nakala za zamani kwa mkono," Profesa alisema ghafla, na vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye kibodi. "Naingia kwenye folda, nafuta za jana, tunapata nafasi, basi."

Mama Pacha alimpiga kofi mkononi, sawasawa na anavyompiga mtoto anayegusa pasi. "Toa mikono. Ukifuta faili hizo kwa mkono seva ikaja kuzitafuta, itaanguka na haitainuka. Unataka kuizika?"

"Sasa tufanye nini?"

Alijua la kufanya. Wote wawili walijua. Ilikuwa kuiambia seva kuu iache kumngoja mwenzake: kuifuta seva ya akiba kwenye orodha ya wanaosubiriwa. Amri ya mstari mmoja. Sahani zote zingetupwa kwa mpigo. Lakini seva ya akiba ikishafutwa hivyo haiwezi kurudi na kuendelea pale ilipoachia. Itajengwa upya tangu mwanzo, na kuijenga kunachukua muda wa saa tisa, ukiongeza ile moja na nusu ya fundi. Muda wote huo seva kuu ingekuwa peke yake. Ikipata hitilafu yoyote, kuanzia ya umeme hadi ya feni, kingebaki kilichonakiliwa saa nane usiku. Kila mgonjwa wa asubuhi hii angepotea kwenye rekodi, na mfumo ungelala nusu siku badala ya dakika kumi na tisa.

Utaratibu ulikuwa umebandikwa ukutani, kwa maandishi makubwa, kwa sababu ya mwaka juzi. Seva ya akiba isiondolewe bila idhini ya Mkuu. Asipopatikana kwa dakika kumi, aliye zamu ataamua.

Aliye zamu.

Waliangalia ule ukuta, kisha wakaangaliana, kisha wote wawili wakaitazama simu nzee mezani.

"Zamu yangu iliisha saa mbili," Profesa alisema, taratibu.

"Sijasaini."

"Lakini saa mbili imepita."

"Na mimi sijasaini, Profesa. Jina lililopo pale ni lako. Mimi hapa ni mgeni aliyekuja kunywa maji."

Aliona aibu alipolisema, kwa sababu lilikuwa kweli na alilitaka liwe kweli. Akimwacha kijana aamue, vyovyote itakavyokuwa, faili litakalofunguliwa ni la kijana. Yeye ameingia kazini dakika kumi na tano zilizopita. Hakuna atakayemlaumu. Hata yeye mwenyewe, labda, ndani ya mwaka mmoja au miwili, angeacha kujilaumu.

Asilimia tisini na tano.

Kwanza lililowezekana. Alikwenda kwenye mlango wa kioo na kuufungua. Msimamizi wa ukumbi, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, alikuwa amesimama nyuma ya safu na kikombe chake.

"Shangazi, toa zile fomu za karatasi. Zote. Na ramani ya ukutani. Wakianza kuandika, waandike kote kuwili, kompyuta na karatasi."

Shangazi alimtazama juu ya kikombe. "Mwanangu, mbona umekuwa wa kijivu?"

"Mfumo unaweza kusimama."

"Lini?"

"Dakika kumi na tano. Labda hautasimama."

"Labda," Shangazi alisema, akaweka kikombe juu ya kabati. "Mwaka juzi hamkusema hata hiyo labda." Hakuongeza neno. Alivuta droo ya chini, akaanza kugawa karatasi meza kwa meza, na Mama Pacha akasikia sauti ya mpokeaji wa karibu ikiuliza bila kupanda wala kushuka: anapumua, mama? Weka mkono kifuani kwake. Kinapanda?

Alirudi ndani, akafunga mlango.

Profesa alikuwa amevua miwani. Bila miwani alionekana mdogo, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimempigia tena. Hapokei," alisema. "Mama Pacha, mikono yangu inatetemeka. Nikiandika hiyo amri nitakosea. Ninaapa nitakosea. Nimekosea jana nikiwa sina hata wasiwasi."

"Basi unaendaje kwenye basi?"

"Siendi. Nani kasema naenda?"

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na mbili. Dakika kumi za Mkuu zilikuwa zimekwisha. Asilimia tisini na sita na nusu. Namba ilikuwa inapanda mbele ya macho yao, na mle ndani hakuna kilicholia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Ubao mweupe. Simu kimya. Feni ikizunguka. Hivi ndivyo ilivyokuwa usiku kucha, na kijana amelala.

"Ondoa ule ukimya kwanza," alisema. "Wacha ilie. Nataka kuisikia."

Profesa alibofya. Simu nzee ilirukaruka mezani kama imepigwa shoti, ikalia, ikaonyesha tahadhari ya diski, ikalia tena kwa ya seva ya akiba, na ubao ukageuka mwekundu kutoka juu hadi chini. Lakini sasa angalau kitu kilikuwa kinasema ukweli.

Akavuta kiti.

"Andika," alimwambia. "Fungua fomu upya. Nitataja, uandike. Zilizo wazi: diski ya seva kuu, tisini na saba, inapanda. Seva ya akiba imezimwa tangu jana saa kumi na moja. Zilizonyamazishwa: kundi zima, kwa makosa, limefunguliwa sasa hivi. Andika na jina lako."

"Nimeandika."

"Za kufuatilia. Fundi, saa nne kasorobo, apigiwe asipopiga. Mkuu, aendelee kutafutwa. Shangazi, aambiwe mfumo ukitulia. Seva ya akiba ijengwe upya, kwa muda wa saa tisa, mtu akae nayo. Mtu huyo ni wewe."

Vidole vya Profesa viligonga kibodi, vikakosea, vikafuta, vikagonga. "Nimeandika."

"Imebaki nini?"

"Jina la aliyepokea."

Mama Pacha aliitazama ile nafasi tupu kwenye fomu. Aliwaona pacha wakiruka dimbwi kwa vile viatu vipya, mmoja akilia kwamba mwenzake amemchafulia. Aliiona barua. Kisha akasikia, kupitia mlango wa kioo ambao hakuufunga vizuri: uko wapi? Niambie kitu kikubwa unachokiona karibu. Duka? Shule?

"Weka langu," alisema. "Saa mbili na dakika ishirini na nne."

"Dada, kama ikienda vibaya—"

"Weka, Profesa."

Aliliweka. Mama Pacha aliinyanyua simu nzee, ikiwa bado inatetemeka na kulia, akabonyeza kuonyesha ameiona tahadhari ya kwanza, kisha ya pili, akaisukuma kwenye mfuko wa sketi yake. Ikakaa pale nzito kama jiwe. Akavuta kibodi upande wake na kuandika amri, herufi moja moja, akitamka kila neno.

"Soma."

Profesa alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia skrini. "Ni ya akiba. Si kuu. Ni ya akiba."

"Soma tena."

"Ya akiba, Mama Pacha. Ya akiba."

Akabonyeza.

Kwa muda hapakutokea kitu. Tisini na saba. Tisini na saba. Aliandika amri ya pili, ya kuihimiza seva isafishe sasa hivi isingoje wakati wake, akabonyeza tena, na akagundua kwamba ameshika mkono wa shati la Profesa na kuukunja kama nguo anayotaka kuikamua. Tisini na saba. Ng'ambo ya kioo Shangazi alikuwa amesimama na karatasi zilizobaki, anawatazama wao, si ukumbi.

Themanini na nane.

Sitini.

Ishirini na tisa, na hapo ikasimama.

Simu ilitoa mlio mfupi mfukoni: tahadhari ya diski imefungwa. Ile nyingine iliendelea kulia. Seva ya akiba haipo. Ingelia hivyo saa kumi na nusu zijazo, na kwa saa hizo zote ile mashine moja, yenye feni zake na waya zake, ingekuwa imebeba kila mtu peke yake.

Profesa alinyoosha mkono kuelekea kwenye kisanduku cha kunyamazisha, kwa mazoea tu, kisha akaurudisha mwenyewe.

"Iache ilie," alisema Mama Pacha. "Mpigie fundi. Mwambie nusu ya ile saa na nusu imeshakwisha."

"Haijafika nusu."

"Mpigie hivyohivyo."